Kikombe cha Unga, Kijiko cha Mafuta

Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto mjini. Kabla ya kukaa kwenye cherehani nilikuwa mkulima upande wa Mlalo, na mwenye kuijua milima yetu anaelewa maana ya maneno hayo. Shamba liko bondeni, nyumba iko juu, na kabichi haipandi yenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiteremka asubuhi na jembe, nikipanda jioni na mzigo kichwani, na nikifika nyumbani nasonga ugali wa kutosha mtu aliyefanya kazi hiyo. Tulihamia mjini 2019. Nikaacha shamba, nikaacha mzigo, ila sufuria ya ugali ikabaki ileile na mkono wa kuchota unga ukabaki uleule.

Machi 2022 nilipanda kwenye mizani nikakuta kilo 84. Magoti yalikuwa yameanza kuniuma, na mama yangu mzazi alifariki akiwa na kisukari, kwa hiyo nililala na hofu usiku ule. Ushauri niliokuwa nimepewa mara kadhaa na watu mbalimbali ulikuwa ni maneno mawili tu: punguza kula. Hakuna aliyesema nipunguze nini. Nikaamua mwenyewe kwamba chenye kunenepesha ni nyama, nikaiacha. Mboga nazo nikaona zina mafuta, nikachukua kidogo tu pembeni ya sahani. Nikabaki na ugali na mchuzi mwembamba. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu, na kila saa kumi jioni nilikuwa nasikia njaa ya kunitetemesha mikono juu ya cherehani.

Aliyenifungua macho ni afisa lishe mmoja aliyeleta vitambaa nimshonee gauni. Nilimweleza shida yangu huku nikimpima. Akaniuliza, "Dada, ugali wako unatoka kwenye vikombe vingapi vya unga?" Nikamwambia sijui, nachota tu. "Na mafuta?" Namimina tu. Akacheka kwa upole akasema, "Basi hujui unachokula, na mimi pia siwezi kujua. Nenda kapime kwanza, halafu tuongee."

Nilidhani atanituma kununua mizani ya jikoni. Hakufanya hivyo. Alisema kikombe ninachonywea chai na kijiko ninacholia wali vinatosha, mradi nijue kila kimoja kinabeba kiasi gani. Jioni ile ndipo nilipoanza, na ninachosimulia hapa ni jinsi nilivyofanya, pamoja na makosa yangu, kwa sababu makosa yenyewe ndiyo yaliyonifundisha.

Kwanza nilikijua kikombe changu. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, ile ya dukani, nikaijaza na kuimimina kwenye kikombe cha bati ninachokipenda. Kilijaa mara mbili kamili, maji yakaisha. Basi kikombe changu ni mililita 250. Kisha nikachukua kijiko cha chakula nikahesabu vijiko vya maji vinavyojaza kikombe hicho. Vilikuwa 20. Ukigawa 250 kwa 20 unapata mililita 12 na nusu. Kumbe kijiko changu ni kidogo kuliko kijiko cha mililita 15 kinachotajwa kwenye vitabu vya mapishi. Nikafurahi kujua, kwani kwenye mafuta tofauti hiyo ina uzito wake.

Baada ya hapo ukaja unga. Unga haupimwi kama maji, kwa sababu unashindiliwa. Sisi tunasagisha mahindi mashineni, lakini siku ile nilinunua pakiti ya sembe ya kilo moja, kwa kuwa pakiti hiyo imekwishapimwa kiwandani na ndiyo ingekuwa mizani yangu. Niliichota yote kwa kikombe, kila kikombe nikikisawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Nikapata vikombe saba na nusu. Gramu 1,000 gawa kwa saba na nusu ni gramu 133 kwa kikombe. Nikairudisha kwenye bakuli, nikachota tena, safari hii kama ninavyochota siku zote: kikombe kinazama kwenye unga, kinabanwa, kinatoka na mlima juu yake. Vikawa vikombe vitano na nusu tu. Yaani kikombe changu cha kila siku kilikuwa na gramu 180. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama. Hata ningejiambia nimetumia vikombe vinne, kwa kweli ningekuwa nimetumia zaidi ya vitano.

Sasa nieleze kalori. Afisa lishe alinionyesha kitabu cha majedwali ya vyakula vya Tanzania kilichotolewa 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Harvard. Humo kila chakula kimeandikiwa nishati yake kwa gramu 100 za sehemu inayolika. Hesabu ya namna hii inasimama juu ya kanuni fupi: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9. Unga wa mahindi, ambao sehemu yake kubwa ni wanga, una kalori kama 360 kwa gramu 100. Basi kikombe changu kilichosawazishwa ni kalori 480, na cha mlima ni 650. Mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo kijiko changu kinabeba gramu 11 na nusu hivi, na hizo ni kalori 100. Namba hiyo niliipenda kwa urahisi wake. Kijiko kimoja, kalori mia.

Jumapili iliyofuata nilipika kama kawaida yangu, bila kujibana, ili nione ukweli wa sahani yangu. Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe na binti yetu wa sekondari. Ugali, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, mchicha.

Hapa nilikosea kosa la kwanza. Nilihesabu unga wa kusongea nikausahau ule niliokorogea uji mwanzoni. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa pale akichambua mchicha, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, na ule wa uji je?" Ni kweli. Kati ya vikombe vinne vya mlima, karibu kimoja huwa kinaingia kwenye uji. Tena ugali ukiwa laini huwa naongeza viganja viwili vitatu ambavyo hakuna anayevihesabu. Tangu siku hiyo sichoti unga kutoka kwenye ndoo. Naupima wote kwanza kwenye bakuli, natumia kutoka humo kwa uji na kwa kusonga, na unaobaki naupima na kuutoa kwenye hesabu. Ni njia pekee niliyoiona haidanganyi.

Vikombe vinne vya mlima, basi, kalori 2,600 kwa sufuria nzima. Sasa nitajuaje zilizofika kwenye sahani yangu? Ugali una maji mengi, na maji hayana kalori hata moja, kwa hiyo sikuweza kusema kikombe cha ugali ni sawa na kikombe cha unga. Nililowesha kikombe kwa maji, nikaujaza ugali, nikausawazisha, nikaupindua kwenye sinia. Unatoka kama mnara mdogo mzuri. Nikafanya hivyo mpaka sufuria ikabaki na ukoko. Nilipata vikombe vinane na nusu. Ukigawa 2,600 kwa vinane na nusu unapata 306. Nikasema 300, kwa kuwa ukoko nao una chake, na binti yangu anaupenda.

Naomba msomaji ashike neno hilo la maji, kwa sababu wengi wanaojaribu kupima ugali wanaponzwa hapo. Namba yangu ya 300 ni ya ugali wangu wa siku ile. Wiki iliyofuata nilipika kwa unga uleule na maji mengi zaidi, ugali ukawa laini, vikatoka vikombe kumi. Kalori za sufuria hazikubadilika, zilikuwa 2,600 vilevile, lakini kila kikombe sasa kilikuwa 260. Ugali mgumu anaoupenda mume wangu, ule unaosimama na kung'aa, unaweza kupita 330 kwa kikombe. Kwa hiyo mtu akikuambia ugali una kalori kadhaa, muulize kwanza umesongwaje. Anayejua unga ulioingia na vikombe vilivyotoka hana haja ya kuuliza.

Nyama ilikuwa nusu kilo, yenye mfupa na ukanda wa mafuta, kama wachinjaji wetu wanavyochanganya. Baada ya kula nilikusanya mifupa, nikaiosha, nikampelekea muuza duka jirani aiweke kwenye mizani yake. Alinishangaa lakini akapima: gramu 100. Kwa hiyo tulikula nyama ya gramu 400 kwa uzito wa mbichi. Nyama ya ng'ombe ndiyo sehemu ya hesabu yangu isiyo na uhakika mkubwa. Steki tupu inaweza kuwa na kalori 130 au 150 kwa gramu 100 kabla ya kupikwa, na yenye mafuta mengi inapita 250. Kwa ile niliyokuwa nayo nilichukua 200, yaani kalori 800 kwa yote. Vilikuwa vipande 12 vinavyokaribiana. Kila kipande, 65 hivi.

Kilichonishangaza ni mchuzi. Nilikuwa nimemimina mafuta kwa jicho kama kawaida, ila safari hii niliyamimina kwanza kwenye kikombe kitupu, kisha nikayahamishia sufuriani kijiko kwa kijiko. Vijiko vinne. Hizo ni kalori 400, nusu ya kalori za nyama yote, na hakuna mtu mezani ambaye angesema amekula mafuta. Vitunguu viwili, nyanya nne na karoti moja havikufika hata 150 vyote pamoja. Mchuzi wenyewe, bila vipande, ulikuwa vikombe vitano. Mafuta 400 na viungo 150 ni 550, gawa kwa vitano, kikombe kimoja cha mchuzi ni 110.

Mchuzi una ujanja wake mwingine, hasa huku juu. Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama ya Tanga. Nyama inachukua muda kuiva, mchuzi unapungua, unaongeza maji, unapungua tena. Vikombe vya mchuzi vinaweza kuwa vitano leo na vitatu kesho, lakini mafuta hayakaukii hewani kama maji. Mchuzi mzito wa vikombe vitatu una mafuta yaleyale ya vitano. Tena mafuta yanaelea. Anayepakua kwa upawa kutoka juu bila kukoroga anampa mtu wa kwanza mafuta na wa mwisho maji. Mimi, kwa kuwa napika, nilikuwa na tabia ya kujipakulia kwanza kidogo cha kuonja, kutoka juu, pale panapong'aa.

Mchicha ulikuwa mafungu mawili, kama gramu 400 baada ya kuchambua. Mboga zetu nyingi za majani, mchicha, kabichi, figiri, sukuma wiki, hazizidi kalori 50 kwa gramu 100, na mchicha uko chini zaidi, kama 25. Kwa hiyo mafungu yale mawili yalikuwa na kalori 100 tu. Kitunguu na nyanya, 40. Halafu nikaweka vijiko vitatu vya mafuta, 300. Sufuria nzima 440, ikatoka vikombe vitatu vya mboga iliyoiva, karibu 150 kwa kikombe, na mia katika hizo ni ya mafuta. Nilikuwa nikisema mboga inanenepesha, kumbe nilikuwa naisingizia.

(Kisamvu ni kizito zaidi ya mchicha, na mara nyingi tunakitia karanga au nazi, kwa hiyo namba hizi zisibebwe kwenda huko. Karanga zilizotwangwa nazihesabu kijiko kwa kijiko, karibu 60 kijiko kikiwa na mlima mdogo. Tui silihesabu kwa nazi nzima, kwani sehemu ya mafuta inabaki kwenye machicha, na inategemea nguvu ya mkamuaji. Siku ya tui huwa naandika tu neno "nazi" kwenye daftari na kuacha hesabu.)

Nikajipakulia kama nilivyozoea. Ugali vikombe viwili na nusu, 750. Nyama vipande vitatu, 200 kwa kuzungusha. Mchuzi kikombe kimoja, 110. Mchicha nusu kikombe, 75. Jumla 1,135. Niliandika namba hiyo kwenye daftari la vipimo vya wateja, katikati ya kiuno cha mtu na urefu wa mkono wa mtu mwingine, na nikaitazama kwa muda mrefu.

Si ukubwa wa jumla ulionigusa sana. Ni kwamba katika kalori 1,135, ugali peke yake ulikuwa 750, theluthi mbili ya sahani. Kwa miezi ile miwili ya kujibana nilikuwa nimeondoa nyama na karibu mchicha wote, vitu ambavyo vyote viwili, pamoja na mafuta yake, vilikuwa 275, na kwa kuwa nilibaki na njaa nikaongeza kikombe kizima cha ugali, 300. Nilikuwa najinyima chakula kizuri ili nile kingi zaidi cha kile kinachoniongeza. Na nyama ndiyo iliyokuwa ikinishibisha mpaka jioni. Nilipolijua hilo nililia kidogo, nasema kweli. Nilikumbuka mama yangu alivyokuwa akila ugali na chumvi siku alizoambiwa ajihadhari na chakula, akiamini anajitunza.

Nilipompelekea afisa lishe daftari langu, hakunipa orodha ya vyakula. Aliniambia nichague mwenyewe pa kugusa, kwa kuwa sasa ninaona. Nikagusa sehemu mbili. Ugali kutoka vikombe viwili na nusu hadi kimoja na nusu, 450. Mafuta ya mchuzi kutoka vijiko vinne hadi viwili, na ya mchicha kutoka vitatu hadi kimoja. Nyama niliiacha vipande vitatu, 200. Mchuzi kikombe kimoja sasa ukawa 70. Mchicha nikauongeza, kutoka nusu kikombe hadi kikombe kizima, na kwa mafuta madogo kikawa 80 tu. Jumla 800. Sahani ilionekana imejaa kama zamani, ila rangi ya kijani ilikuwa imechukua nafasi ya nyeupe, na kalori 335 zilikuwa zimeondoka.

Kupunguza mafuta ya mchicha kulihitaji mkono mpya. Mafuta ya kijiko kimoja hayatoshi kukaangia kitunguu kwenye sufuria pana, yanatawanyika na kitunguu kinaungua. Niligundua kwamba nikitumia sufuria ndogo, moto wa kiasi, na nikitia nyanya mapema ili maji yake yasaidie, kitunguu kinaiva vizuri. Mchicha wenyewe unatoa maji ya kutosha. Mama mkwe alionja akasema umekosa mafuta. Wiki ya tatu hakusema tena.

Kwa dona nilijidanganya kwa muda. Nilisikia kwamba dona haina kalori kama sembe, nikaongeza kipande cha ugali kwa furaha. Nilipouliza nikaambiwa kalori zao ni karibu sawa, kwa kuwa dona inabaki na kiini chenye mafuta yake. Faida yake iko kwenye pumba na virutubishi, na mimi naiona pia kwenye shibe, lakini haipunguzi hesabu. Na kikombe cha dona hakina lazima ya kuwa na uzito wa kikombe cha sembe. Nilimpelekea tena yule muuza duka kikombe changu anipimie, na kila unga wa mashine nyingine ukiingia ndani nafanya hivyo.

Nilikuwa na siku za kukata tamaa. Mwezi wa pili tangu nianze kupima mizani haikusogea kabisa, na nilikuwa na hakika ya namba zangu. Nikarudia kupima kila kitu siku tatu mfululizo na kukuta kikombe kimeanza kuota mlima tena. Hakuna aliyekusudia. Mkono unarudi kwenye mazoea yake wenyewe. Nikafunga kisu kidogo kwa uzi kwenye mfuniko wa ndoo ya unga, ili kila anayechota akione. Pia kulikuwa na parachichi. Lushoto mtu hanunui parachichi, analetewa, na nilikuwa nakula nusu ya lile kubwa pembeni ya chakula kila mchana bila kuliandika. Nyama yake ikifika gramu 100 ni kalori 160. Sikuliacha, nalipenda. Nililiandika, na siku za parachichi mboga naipika bila mafuta kabisa.

Hesabu hii si ya kupima dhahabu. Nyama peke yake inaweza kunikosesha kalori mia kwa sahani, kutegemea kisu cha mchinjaji kilikopita. Ndiyo maana sisemi 803 au 796. Nasema 800, nikijua huenda ni 700 na huenda ni 900. Ninachokiamini ni tofauti kati ya sahani ya jana na ya leo, kwa sababu kikombe ni kilekile na kosa lake ni lilelile. Na ninaamini mizani, niliyokuwa naipanda kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai. Januari 2023 ilisoma kilo 75. Namshukuru Mungu, magoti yamenyamaza, na mpaka leo sukari yangu ikipimwa iko pale inapotakiwa.

Mume wangu hajapunguza kitu. Bado analima, anashuka Mlalo siku nne kwa wiki, na jasho lake si langu. Yeye anapakuliwa vikombe vitatu vya ugali na vipande vinne vya nyama. Ndiyo sababu sikupunguza kwanza sufuria, nilipunguza sahani yangu. Sufuria ilipungua baadaye, nilipoona ugali unalala.

Mwezi uliopita jirani yangu, anayeuza viazi, alikuja kunilaumu kidogo. Alikuwa amenakili namba zangu zote kwenye karatasi, akapima kwa miezi miwili, na hakupungua hata nusu kilo. "Dada, namba zako hizi ni za kwako peke yako," alisema. Nikamwambia alete kikombe chake. Alileta kikombe kikubwa cha plastiki cha buluu. Tukajaza ile chupa ya nusu lita, tukamimina. Kikombe cha kwanza kilijaa. Cha pili kikafika theluthi mbili, chupa ikaisha. Kikombe chake kilikuwa mililita 300. Unga uliosawazishwa humo ni gramu 160, kalori 575, na yeye alikuwa akiandika 480. Kwa vikombe vyake vitano, karibu 475 zilikuwa zikipita kila siku bila kuandikwa.

Alichukua kalamu yangu ya chaki, ile ya kuchorea vitambaa, akachora mstari ndani ya kikombe mahali maji ya mililita 250 yanapofika. Chaki ilifutika alipokiosha. Kesho yake alirudi na msumari uliopashwa moto, tukauchora mstari upya.